Picha Yenye Nembo na Msimbo Tu: Namna Ninavyomjibu Mteja Pasipo na Maandishi ya Kufasiri

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka za Kiarabu kwa Kiswahili na Kiingereza hapa Mombasa, na siku hizi nyaraka nyingi hunifikia kwa simu zikiwa picha. Wanaozituma ni jamaa za watu wanaofanya kazi Omani na nchi nyingine za Ghuba, na wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa huko. Mara kwa mara huingia picha ambayo ndani yake mna nembo peke yake, au ule msimbo wa mraba wenye vidoto vyeusi na vyeupe ambao watu huuita QR, na chini yake mtumaji ameandika, "Naomba unifasirie." Jibu la kweli kwa picha ya namna hiyo ni kwamba hakuna maandishi ya kufasiri. Ni jibu fupi, lakini nimejifunza kwamba kulitoa sawasawa kunahitaji uangalifu kama ule unaohitajika kufasiri hati ya talaka au mkataba wa kazi.

Ugumu wake ni kwamba yapo majibu matatu yanayofanana, na mteja asiyejua Kiarabu huyasikia kama jibu moja. La kwanza ni kwamba picha haina maandishi kabisa. La pili ni kwamba maandishi yapo ila hayasomeki, pengine kwa sababu ya ukungu wa picha au wino uliofifia. La tatu ni kwamba maandishi yalikuwepo kwenye karatasi yenyewe, lakini yamekatwa na hayakuingia kwenye picha. Mfasiri akisema "haisomeki" mahali ambapo hapana maandishi, mteja ataamini kwamba kuna ujumbe uliofichika, na atahangaika kumtafuta mtu mwenye macho makali zaidi. Akisema "hakuna kitu" ilhali mstari umekatwa, mteja ataitupa picha na kuacha habari muhimu ipite. Kwa hiyo, kabla ya kujibu lolote, ni lazima nijue ni lipi kati ya hayo matatu lililo mbele yangu.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye mwanawe ni dereva Omani, alinitumia picha iliyopitia mikono ya watu kadhaa kabla ya kumfikia. Kulia palikuwa na nembo ya taifa la Omani, yaani jambia lenye mshipi wake likiwa juu ya panga mbili zilizopishana. Kushoto palikuwa na msimbo wa mraba. Baina yao palikuwa peupe. Mama aliniambia kwa sauti ya simu kwamba mwanawe ameandikiwa barua na serikali ya huko, kwamba simu yake haipatikani tangu juzi, na kwamba jirani amemweleza kuwa alama ya panga ni ya polisi. "Nisomee, mwanangu, usinifiche," alisema.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomfanya mfasiri atamani kusema jambo lolote la kutuliza moyo. Ningeweza kumwambia kwamba ni karatasi ya kawaida ya kazi, na huenda ningekuwa sahihi, lakini hilo lingekuwa kisio langu likivishwa nguo ya tafsiri, naye asingekuwa na njia ya kutenganisha nilichokisoma na nilichokidhania. Nembo ile haikuwa na neno hata moja. Si nembo zote za mataifa zilivyo hivyo: ya Kenya ina neno "Harambee" chini yake, ya Tanzania ina "Uhuru na Umoja", na ya Falme za Kiarabu ina jina la nchi kwa Kiarabu chini ya makucha ya mwewe. Jambia na panga za Omani husimama zenyewe bila maandishi, na huonekana kwenye shughuli nyingi za dola, si za polisi peke yao. Hilo nilikuwa na hakika nalo, kwa hiyo nilimwambia, nikaongeza kwamba nembo peke yake haisemi barua inahusu nini, wala haithibitishi kwamba barua ni ya kweli, kwa kuwa yeyote mwenye simu anaweza kuinakili.

Baada ya hapo niliikuza picha na kuzipitia kingo zake nne polepole, jambo ambalo ningemshauri kila mfasiri alifanye kabla ya kutamka kwamba hakuna maandishi. Herufi kadhaa za Kiarabu hushuka chini ya mstari, na nyingine zina nukta chini yake, kwa hiyo mtu akikata picha kwa juu, mstari wa mwisho uliokatwa mara nyingi huacha mabaki. Katika ukingo wa juu wa picha ile, karibu na nembo, niliona nukta mbili ndogo zilizokaa ubavu kwa ubavu, na mbele yake kidogo mkia uliopinda kuelekea kushoto. Nukta mbili za chini ni alama ya herufi yaa. Ule mkia ungeweza kuwa wa raa au wa waw, kwa sababu sehemu ya juu inayozitofautisha haikuwepo. Kutokana na mabaki hayo sikuweza kujua neno, lakini niliweza kujua jambo kubwa zaidi, kwamba juu ya nembo na msimbo kulikuwa na mstari wa maandishi uliokatwa. Picha haikuwa na maandishi. Karatasi ilikuwa nayo.

Ulibaki msimbo. Watu wengi, hasa wazee, huuona mraba ule kama aina ya maandishi ya kigeni, na ukiwa kwenye karatasi ya Kiarabu basi huwa kwao ni Kiarabu. Mama naye aliniuliza kwa nini ninasoma Kiarabu cha kitabuni lakini hiki siwezi. Nilimwomba atafute risiti ya duka kubwa pale nyumbani. Kwa kuwa risiti za mfumo wa kodi wa Kenya zina msimbo kama huo, alipata moja ndani ya mkoba. Nilimwambia aiweke karibu na ile picha, kisha aniambie ipi ni ya Kiarabu na ipi ni ya kwetu. Alizitazama akasema zimefanana. Hapo niliweza kumweleza kwamba vile vidoto si lugha ya mtu, bali ni alama za mashine, na mashine ya Nairobi na ya Maskati huziandika kwa namna moja.

Kwa anayetaka kujua zaidi, msimbo huo ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni haina habari yoyote ndani yake. Kazi yake ni kuionyesha kamera mahali msimbo ulipo na upande ulikoelekea. Habari yenyewe imo katika vidoto vilivyobaki, ikiwa imechanganywa na vidoto vya ziada vinavyosaidia kurudisha kilichoharibika. Kisha vyote hugeuzwageuzwa kwa kufuata mojawapo ya ruwaza nane, ili weusi na weupe visirundikane mahali pamoja. Kwa sababu hiyo habari ile ile inaweza kuchorwa kwa sura zaidi ya moja, na jicho la binadamu, hata la fundi, halisomi kitu kwa kuutazama tu. Mfasiri anayedai ameusoma msimbo kwa macho anasema uongo.

Simu inaweza kuusoma, na hapo ndipo uaminifu unapohitaji hatua ya pili. Niliuskani msimbo wa mama nikiwa nimeiweka simu ionyeshe kilichomo bila kukifungua. Kilichotokea kilikuwa kiungo cha mtandao kilichomalizika kwa mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi zisizo na maana. Nililitazama jina la tovuti kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata `https://`, nikaona linaishia kwa `.gov.om`, ambayo ni anwani ya serikali ya Omani. Mwisho huo ndio wa kutazamwa, kwa sababu tapeli anaweza kuandika `gov.om.example.com`, ambapo maneno ya serikali yako mwanzoni lakini mwenye tovuti ni yule wa mwishoni. Nilipokifungua, ukurasa ulitaka namba ya pasipoti ya mhusika ili uonyeshe hati. Sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingeiingiza bila ruhusa ya mwenyewe.

Jibu nililomwandikia mama, ambalo mwanawe mwingine alimsomea, lilikuwa hivi: "Shikamoo mama. Katika picha hii hakuna maandishi ya Kiarabu wala ya lugha nyingine, kwa hiyo sina cha kufasiri na hutanilipa chochote. Kuna vitu viwili tu. Kulia ni nembo ya taifa la Omani, haina maneno. Kushoto ni msimbo wa kusomwa na simu. Nimeuskani, nao unaelekeza kwenye tovuti ya serikali ya huko ambayo haifunguki bila namba ya pasipoti. Ukingo wa juu wa picha unaonyesha kwamba karatasi yenyewe ina maandishi yaliyokatwa. Siwezi kujua yanasema nini. Tafadhali mwombe aliyeituma kwanza apige picha ukurasa mzima, pembe zote nne zionekane, na asiikate." Sikuongeza habari yoyote kuhusu barua inavyoelekea kuwa nzuri au mbaya, ingawa nilimpigia simu mama na kuzungumza naye, kwa sababu niliona wasiwasi wake unastahili sauti ya mtu kuliko ujumbe wa maandishi.

Ukurasa mzima ulikuja keshoye. Ilikuwa taarifa ya kuhuishwa kwa kadi ya ukaazi, yenye jina la mwanawe, tarehe ya mwisho na ada ya kulipwa. Nembo na msimbo vilikuwa mwisho wa ukurasa, na mstari uliokatwa ulikuwa unamwelekeza mhusika auskani msimbo ili kuhakiki hati. Yule kijana alikuwa amekata kipande hicho akimtumia rafiki yake amsaidie kukiskani, na kipande hicho ndicho kilichosafiri hadi Mombasa bila barua yenyewe. Nimeona njia hii ikijirudia: picha yenye msimbo tu mara nyingi ilikatwa makusudi na mtu mwingine kwa kazi nyingine, kisha ikatumwa mbele na watu walioidhani ndiyo hati.

Hata hivyo, lipo kosa la upande wa pili, la kusema hakuna maandishi pale ambapo yapo. Mwandiko wa Kiarabu hupindwa na kufumwa mpaka ukawa mchoro, na kampuni nyingi hufanya nembo kwa njia hiyo. Nembo ya Aljazira, ambayo wengi huiona kama ndimi za moto au tone, ni jina la kituo hicho lililoandikwa kwa khati. Alama nyekundu ya shirika la ndege la Emirates nayo ni neno la Kiarabu. Mteja akinitumia nembo kama hizo, siwezi kusema hakuna maandishi. Nasema kwamba yaliyomo ni jina, ninaliandika kwa herufi zetu, na kueleza kwamba jina la kampuni hubaki lilivyo.

Linalotatanisha zaidi ni khati ya Kufi ya mraba, ambayo hujengwa kwa mistari iliyonyooka na pembe za mraba tupu, bila mviringo wowote. Bwana mmoja aliyekuwa akinunua vigae aliniletea picha ya kigae chenye mraba wa buluu na nyeupe, akilalamika kwamba msimbo wake haufanyi kazi kwenye simu. Nilipoutazama niliona mambo mawili. Hapakuwa na ile miraba mitatu ya pembeni, ambayo kila msimbo wa QR wa kawaida lazima uwe nayo. Pia hapakuwa na vidoto vya peke yake vilivyotawanyika. Kila mstari ulikuwa na unene mmoja, ukiungana na mwenzake, na nafasi baina yao zilikuwa sawa na unene huo. Nilipoizungusha picha robo kwa robo, umbo lilirudi lile lile mara nne. Lilikuwa jina la Muhammad, limeandikwa mara nne likizunguka kitovu. Bwana yule alikuwa anakusudia kigae hicho kwa sakafu ya baraza, na aliposikia alibadilisha mpango mara moja. Tangu hapo sijibu kuhusu mraba wowote kabla ya kuitafuta miraba mitatu na kuizungusha picha.

Kuna hali nyingine ambayo imo katikati, nayo ni ankara za Saudia. Tangu Desemba 2021 ankara za rejareja za huko zinazotolewa kwa mfumo wa kielektroniki hubeba msimbo wa QR, na mfanyabiashara mmoja wa hapa alinitumia msimbo wa ankara moja uliokatwa. Alikuwa ameuskani mwenyewe, simu ikampa msururu wa herufi za Kilatini unaoanza na `AQ`, bila nafasi wala kituo, naye akaamini ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za kizungu. Sivyo. Msururu huo ni data iliyofungwa kwa namna iitwayo Base64, na nilipoufungua ulitoa mambo matano yaliyofuatana: jina la muuzaji, namba yake ya usajili wa kodi, tarehe na saa, jumla ya malipo, na kiasi cha kodi. Kila kimoja hutanguliwa na namba yake ya mpangilio na urefu wake, na kwa sababu la kwanza daima hubeba namba moja, misururu hii huanza kwa herufi A, ikifuatwa mara nyingi na Q, R au S kulingana na urefu wa jina.

Mle ndani, basi, palikuwa na maneno ya Kiarabu, nayo ni jina la muuzaji. Nilimjibu kwamba kwenye sura ya picha hakuna maandishi ya kufasiri, lakini data ya msimbo ina jina la duka, nikampa jina hilo pamoja na namba nne zilizobaki, na nikaandika wazi kwamba hayo yametoka kwenye msimbo na si kwenye picha. Nilimweleza pia kisichokuwemo: orodha ya bidhaa, bei ya kila moja na masharti ya kurudisha mzigo havimo katika mambo hayo matano, na yeye alikuwa akitafuta hasa masharti ya kurudisha mzigo. Ilimbidi aipate ankara nzima, na ilipokuja, masharti yalikuwa mistari mitatu chini ya jumla, nikamfasiria.

Tahadhari moja ninaitoa kwa kila anayeniletea picha hizi, kwamba asiziweke kwenye makundi ya simu akiomba msaada. Msimbo unaoonekana kama doa la mapambo unaweza kuwa wa kupokea malipo, tiketi inayotumika mara moja, au njia ya kuifikia hati yenye jina na namba za mtu. Asiyeujua hawezi kuona kwa macho kwamba ametoa siri.

Katika tafsiri rasmi zinazopigwa muhuri, mambo haya yote huingia kwa mabano ya mraba. Pale palipo na nembo huandika [Nembo ya taifa la Omani: jambia na panga mbili zilizopishana], na palipo na msimbo huandika [Msimbo wa QR]. Palipo na sahihi nisiyoweza kuisoma huandika [Sahihi, haisomeki], kwa kuwa hapo maandishi yapo. Sifuati kiungo cha msimbo na kuingiza yaliyomo kwenye ukurasa kana kwamba yameandikwa kwenye karatasi. Mteja akiyataka huyaweka katika ukurasa wa pili wenye tarehe niliyouskani, maana ukurasa wa mtandao unaweza kubadilishwa kesho wakati karatasi imebaki vile vile. Wapo wateja ambao huuliza kwa nini wanalipia ukurasa wenye mabano mengi kuliko maneno. Huwaonyesha asili na tafsiri zikiwa zimewekwa pamoja, kama ofisa wa ubalozini atakavyoziweka mezani, na kuwaeleza kwamba ofisa huyo hajui Kiarabu. Akiona mraba upande wa kulia na nafasi tupu upande wa kushoto, atauliza ni nini kilichoachwa bila kufasiriwa, na hati itarudishwa.